“Andika nimeitwa Unguja”: barua ya kuahirisha kikao na heshima ya Mkurugenzi

Mshauri, Assalamu alaykum.

Mimi ni katibu muhtasi katika taasisi moja hapa Chake Chake. Kazi hii nimeifanya kwa miaka 9, na minne ya mwisho nimekuwa na Mkurugenzi huyu wa sasa. Ni mtu mwema, ananiheshimu, nami namheshimu. Kinachonisumbua ni barua moja.

Taasisi yetu inafanya kazi na vikundi vya wakulima wa mwani wa Wilaya ya Micheweni. Mkurugenzi aliwaahidi wajumbe wa kamati yao, ambao ni 24, kwamba kikao kitakachofuata watasomewa taarifa ya fedha za kamba na taitai za kufungia mwani. Siku ilipokaribia, taarifa haikuwa tayari, kwa sababu jalada lilikaa mezani kwake wiki kadhaa kabla ya kwenda kwa mhasibu. Akaniambia, “Andika nimeitwa Unguja na Katibu Mkuu.” Nikaandika, nikasaini kwa niaba yake, na barua zikaondoka siku mbili kabla ya kikao.

Mjumbe mmoja, mtu mzima, hakuipata barua yake. Alikuja siku ile na gari ya alfajiri, akakuta ukumbi umefungwa, na alipokwenda sokoni kabla ya kurudi kwao akamwona Mkurugenzi ananunua samaki. Hakumwambia kitu. Alikuja dirishani kwangu na barua ya mwenzake mkononi, akaniuliza kwa upole, “Mwanangu, haya umeyaandika wewe?” Sikuwa na la kumjibu.

Sasa tarehe mpya imebakisha wiki 3, taarifa bado, na Mkurugenzi amekwishaniambia nitayarishe barua ile ile, niipeleke siku mbili kabla kama mara ya kwanza. Miongoni mwa wajumbe hao yumo shangazi yangu, dada wa baba, ambaye najua atanipigia simu kuuliza. Sitaki kumvunjia heshima mkuu wangu, na kulinda jina lake ndiyo kazi yangu. Lakini sitaki tena kuulizwa swali lile dirishani. Je, ipo namna ya kuandika itakayomstahi yeye bila ya kuniweka mimi pabaya? Au niandike alivyosema, kwa kuwa barua ni yake na si yangu?

Katibu Muhtasi, Chake Chake

*

Waalaykumu ssalaam, mwanangu.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara zote mbili nimesimama kwenye lile dirisha. Nami nilikaa kwenye meza kama yako kwa miaka mingi, tangu siku za mashine ya chapa na karatasi ya kaboni, na lipo jambo langu linalofanana na lako ambalo nitakusimulia kabla sijasema la kusema. Mkuu wangu wa wakati huo alishindwa kuhudhuria kikao cha wazee wa vijiji, akaniachia mimi nitafute sababu. Nikaona sababu isiyoulizwa ni maradhi, nikaandika kwamba Bwana Mkubwa anaumwa. Siku ya tatu mzee mmoja alivuka kutoka Kojani, akapanda gari mpaka mjini, akauliza nyumba kwa nyumba mpaka akafika kwa mkuu wangu na kikapu cha mayai na ndizi, kuja kumjulia hali. Aliyemfungulia mlango ni mgonjwa mwenyewe, amevaa, yuko njiani kutoka. Mzee alikiweka kikapu chini, akasalimu, akaomba dua, akaondoka. Vikao vilivyofuata hakuvihudhuria. Nilifanya kazi pale miaka mingi baadaye, na kila nikipita jina lake kwenye orodha ya waalikwa nilikuwa najua kwa nini mbele yake hapana alama.

Nimekusimulia hayo kwa sababu visiwani kwetu kila sababu ina mtu wa kuifuata. Ukisema mkuu anaumwa, watu watakwenda kumtazama. Ukisema amefiwa, watakwenda kuhani, na watakaposhindwa kwenda watatuma ubani. Ukisema amesafiri, yupo atakayemwona bandarini Mkoani, uwanja wa ndege au sokoni, na yupo asiyemwona pale alipopaswa kuonekana. Sababu ya uongo kwenye barua ya ofisi haivunjwi na adui. Huvunjwa na mtu mwenye nia njema aliyeiamini.

Ndiyo maana ningependa uliangalie upya neno lako “kulinda jina lake.” Wewe na yeye mmelichukulia kwamba jina la mkubwa hulindwa na sababu kubwa, na kwamba kuitwa na Katibu Mkuu ni sababu isiyojibiwa. Mimi naiona sababu hiyo kuwa ndiyo nzito kuliko zote kuibeba. Imemwingiza mtu wa tatu, tena mwenye cheo cha juu, ndani ya karatasi ambayo yeye hakuiona. Barua ile ina nambari ya kumbukumbu, nakala yake imo kwenye jalada, na kama masheha walipewa nakala basi huenda imefika na wilayani. Siku mtu wa ofisi ya Afisa Mdhamini atakapomuuliza Katibu Mkuu, kwa mazungumzo tu, kikao kile cha Unguja kilikuwa cha nini, Mkurugenzi wako atakuwa na jambo kubwa zaidi la kueleza kuliko taarifa iliyochelewa. Taarifa kuchelewa ni jambo la kawaida la kiofisi, lakini kutumia jina la mkubwa wake bila ya ruhusa si la kawaida.

Nikuulize na jambo jingine. Je, una hakika kwamba Mkurugenzi ameamua kudanganya, au alisema la kwanza lililomjia ulimini huku akitazama saa? Wakubwa wengi hutoa agizo la kuahirisha wakiwa wima, mkono uko kwenye kitasa cha mlango. Wanachotaka ni kwamba kikao kisiwepo na wao wasiaibike. Maneno wanayoyatamka wakati ule ni malighafi, na kazi ya katibu muhtasi ni kuyageuza yawe barua. Pengine hajawahi kuoneshwa barua nyingine inayomtosheleza. Wewe unamjua kuliko mimi, na jibu la swali hili ndilo litakaloonesha njia ipi kati ya hizi inakufaa.

Njia ya kwanza ni kuandika alivyosema. Siikebehi, kwa kuwa mwajiriwa ana wakubwa, na wewe una nyumba ya kutazama. Lakini itazame hatari yake kwa macho makavu. Mara ya kwanza sababu ilikuwa khabari, na mara ya pili sababu ile ile, kwa watu wale wale, ambao mmoja wao anajua ilikuwa si kweli, inakuwa ushahidi. Na barua ilitoka na saini yako. Herufi zile “K.n.y.” zilizo juu ya cheo chake zinasema kwamba mamlaka ni yake, ila jina linalosomeka chini ni lako, na ndiyo maana mzee yule alikuja dirishani kwako na hakwenda mlangoni kwake.

Njia ya pili ni ile ya maneno ya kawaida ambayo sote tunayajua kwa moyo. Yako mawili yanayotumika sana, nami nayaogopa yote mawili katika kisa chako. La kwanza ni “kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wetu.” Hilo lina mahali pake, kwa mfano meli isipoondoka kwa upepo au umeme ukikatika ukumbini. Jalada lililokaa mezani halikuwa nje ya uwezo wa mtu, na siku wajumbe watakapojua lilikokuwa watayakumbuka maneno hayo. La pili ni “kutokana na majukumu mengine ya kikazi.” Hili si lazima liwe uongo, kwa kuwa Mkurugenzi hakosi majukumu. Tatizo lake ni linavyosikika kwa anayeisoma barua kule Makangale au Tumbe. Linamwambia kwamba wewe ulikuwa jukumu, na limepatikana jingine lenye uzito kukuliko. Anayeliandika huona anamkuza mkuu wake, na anayelisoma huona anapunguzwa yeye.

Kuna njia ya tatu ambayo watu huisahau, nayo ni kutotaja sababu kabisa. Barua inaweza kusema kwamba kikao cha siku fulani kimeahirishwa hadi siku fulani, ikaomba radhi, ikaishia hapo. Lugha yetu inakusaidia sana hapa, kwa sababu ukisema “kikao kimeahirishwa,” mwenye sentensi ni kikao, na aliyeahirisha hatajwi wala hakuna pengo linalomtafuta. Hakuna uongo ndani yake. Hatari yake ni kwamba barua kavu kwa watu walioahirishiwa mara moja huwaacha wajaze wenyewe pale palipo patupu, na wanachojaza mara nyingi ni kibaya kuliko ukweli. Katika jambo la fedha, watu hawajazi usahaulifu. Hujaza wizi. Hilo nataka ulifikirie sana, kwa sababu heshima ya Mkurugenzi wako iko karibu na shimo hilo kuliko anavyodhani.

Na njia ya nne ni kuusema ukweli mdogo, ule unaowahusu wao, bila ya kusema ukweli wa ndani ya ofisi. Wajumbe wana haki ya kujua kwamba taarifa haijakamilika. Hawana haja ya kujua jalada lilikaa meza ya nani na kwa wiki ngapi, na hiyo ndiyo siri ya ofisi ambayo wewe umeaminiwa nayo. Tazama tofauti ya maneno. Ukiandika “taarifa haikukamilika,” umefunga mlango, kana kwamba jambo limeshindikana. Ukiandika “taarifa haijakamilika,” ile “ja” inasema kwamba iko njiani. Ukiandika “Mkurugenzi hajaikamilisha taarifa,” umemwanika. Ukiandika “taarifa haijakamilika,” umesema jambo lile lile na yeye hayumo ndani yake. Kisha unamrudisha Mkurugenzi katika sentensi inayofuata, mahali anapofaa kuonekana, yaani pale anapoamua kwa ajili yao.

Nikikaa mezani kwako leo, na kikao kikiwa Alkhamis tarehe 12, rasimu yangu ingekuwa hivi:

“YAH: KUAHIRISHWA KWA KIKAO CHA KAMATI YA WAKULIMA WA MWANI

Tafadhali husika na mada iliyotajwa hapo juu. Kikao kilichopangwa kufanyika Alkhamis tarehe 12, saa 3:00 asubuhi, kimeahirishwa na sasa kitafanyika Jumanne tarehe 24, saa 3:00 asubuhi, mahali pale pale.

Taarifa ya fedha za kamba na taitai mliyoahidiwa haijakamilika, nami nimeona si vyema mfunge safari kabla haijawa tayari kusomwa mbele yenu. Taarifa hiyo itakuwa ajenda ya kwanza ya kikao.

Natambua kwamba hii ni mara ya pili kikao hiki kuahirishwa, na kwamba mmekwisha kuipangia siku hiyo. Nakuombeni radhi.”

Iangalie polepole. Nimetaja tarehe zote mbili, ya zamani na mpya, pamoja na majina ya siku, kwa sababu barua zinachelewa na mtu anaweza kuipata hii kabla ya kuikumbuka ile. Sikuandika “kimesogezwa mbele,” na nakuomba usiliandike neno hilo kamwe katika barua ya namna hii, kwa kuwa nusu ya watu hulisikia kuwa siku imechelewa na nusu hulisikia kuwa imekaribia, na wote wana sababu. Sikuandika “kimefutwa,” kwa sababu kilichofutwa hakirudi, na mwenye fedha zake angeuliza mara moja zimefutwa na nini. Wala sikuandika “tarehe mpya mtajuilishwa baadaye.” Kuahirisha bila ya tarehe ni kufuta kwa sauti ya chini, na watu wetu wanaisikia sauti hiyo.

Sentensi ya “mara ya pili” huenda Mkurugenzi akataka kuitoa. Mimi ningeibakisha, kwa sababu wajumbe 24 wamekwisha kuhesabu, na mtu anayehesabu pamoja nao anaheshimika kuliko anayejifanya hakumbuki. Lakini kama ataiona nzito, inaweza kutoka bila ya barua kuwa ya uongo, na hilo ni jambo la kumwachia. Radhi nimeiomba mara moja tu. Barua inayoomba radhi mara tatu humfanya msomaji aanze kutafuta kosa ambalo halijatajwa.

Umeona pia kwamba barua inasema “nimeona” na “nakuombeni,” maana nimeiandika ili aisaini yeye. Waliitwa kwenye kikao kwa saini yake, naamini, na aliyeita ndiye anayefaa kuahirisha. Mwaliko ukitoka kwa Mkurugenzi na kuahirishwa kukatoka kwa katibu wake, mtu mzima hujiona ameshushwa ngazi moja, hata kama maneno ni mazuri. Ikiwa kweli hayupo siku ya kusaini, basi barua ianze, “Nimeagizwa na Mkurugenzi nikuarifu kwamba,” na kile kitenzi “nimeona” kigeuke “ameona.” Neno “nimeagizwa” si pambo. Linamwambia msomaji kwamba kila kinachofuata kimetoka kwake, na linakukinga wewe kwa kadiri neno linavyoweza kumkinga mtu.

Barua hii ina kikomo chake, nami sitakuficha. Inafaa mara moja. Sentensi ya “nimeona si vyema mfunge safari” ni nzuri siku ya leo, na ikifika tarehe 24 taarifa ikawa bado, itamgeukia Mkurugenzi kwa ukali kuliko uongo wowote wa Unguja, kwa kuwa safari hii ameahidi kwa saini yake na ajenda ameitaja. Kwa hivyo kabla ya kuandika hata mstari mmoja, nenda kwa mhasibu. Usimuulize “itakuwa tayari lini?” maana atakupa siku ya matumaini. Muulize kinachokosekana ni nini, ni stakabadhi za ununuzi, ni orodha ya waliopokea kamba, au ni saini ya Mkurugenzi mwenyewe. Kama kinachokosekana ni saini, huenda kikao kisihitaji kuahirishwa, na unazo wiki 3. Kama ni stakabadhi, hesabu siku za kuzipata, ongeza wiki moja, ndiyo uitafute tarehe.

Na tarehe yenyewe isitafutwe kwenye kalenda ya ukutani peke yake. Hawa ni wakulima wa mwani, wengi wao wanawake, na siku zao zinapangwa na maji. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hutoka sana, na kwetu kina chake cha chini hufika baina ya saa 4 na saa 5 asubuhi, yaani pale pale unapowaitia kikao. Siku hizo ndizo za kufunga na kuvuna mwani, na mwanamke anayeziacha kuja Chake Chake ameacha kipato chake. Maji mafu, karibu na tarehe 8 mpaka 10 na 22 mpaka 24 za mwezi mwandamo, ndiyo siku ambazo wana nafasi. Tizama mwandamo kwanza, kisha shajara ya Mkurugenzi. Nawe huna haja ya kuandika kwenye barua kwamba mmelitazama hilo. Wataliona wenyewe watakapoihesabu siku, na hiyo ni heshima ambayo Mkurugenzi wako ataipata bila ya neno moja kuongezwa.

Ulisema ameagiza barua ziondoke siku mbili kabla, kama mara ya kwanza. Nafikiri hapa mlikosea zaidi kuliko kwenye maneno. Inawezekana anaona kwamba barua ikichelewa, dharura inaaminika. Ni kweli kwamba dharura hutokea siku za mwisho, lakini taarifa isiyokamilika si dharura, na ninyi mnaijua leo. Siku mbili ndizo zilizomleta yule mzee mlangoni penu. Barua ziondoke mara tu tarehe mpya itakapothibitika, ziandikwe kwenye daftari la kupelekea barua na kusainiwa na kila anayepokea, na nyuma yake upige simu. Anza na wa mbali kabla ya wa karibu, na wa kwanza kabisa awe yule mzee aliyekuja bure. Usimwachie khabari mtoto wala jirani, na usiitie alama mbele ya jina la mtu mpaka uwe umesikia sauti yake mwenyewe ikiitaja tarehe mpya. Kwenye simu sema yaliyomo kwenye barua na usizidishe. Makosa mengi ya kazi yetu hutoka kwenye simu, pale katibu anapoona huruma akaongeza sababu ya pili, na jioni wajumbe wawili wakakutana msikitini au kisimani na kulinganisha.

Limebaki la kumwendea Mkurugenzi. Hili ni gumu, na wewe ndiye unayejua uso wake asubuhi na jioni. Sipendekezi uende na neno “uongo,” kwa sababu neno hilo hulazimisha mtu ajitetee, na akishajitetea hawezi tena kubadili. Nenda na rasimu mbili ndani ya jalada moja, ile aliyoisema na hii nyingine, saa ambayo hana mgeni. Mwambie ukweli unaomhusu yeye, nao ni kwamba mara iliyopita mjumbe mmoja alimwona sokoni siku ile ile akaja kukuuliza. Nadhani hajui. Umelibeba peke yako kwa kumstahi, nalo ni jambo ambalo mkuu wako alipaswa kulijua siku ile, kwa sababu anaagiza barua ya pili akiamini ya kwanza ilipokewa. Unaweza kumwambia, “Mkurugenzi, nimekuandikia mbili. Hii ina jina la Katibu Mkuu ndani yake na nakala itabaki kwenye jalada. Hii nyingine haina jina la mtu.” Kisha nyamaza umwachie asome.

Huenda akaichukua ya pili. Huenda akataka ile ya tatu, isiyo na sababu, na hiyo nayo unaweza kuiandika kwa moyo mkunjufu. Huenda pia akasema kikao kisiahirishwe, asimame mwenyewe au amtume msaidizi wake awasomee sehemu iliyokamilika na kuwatajia iliyobaki. Njia hiyo ina fedheha ya saa moja, na baadhi ya wakubwa wanaiweza na wengine hawaiwezi. Na huenda akakurudishia jalada na kusema, “Andika nilivyokwambia.” Hapo sitakuamulia. Unaweza kumwomba aisaini mwenyewe, kwa kuwa ni kawaida kwamba barua inayomtaja Katibu Mkuu isainiwe na mkuu wa ofisi, na ombi hilo halina utovu wa adabu ndani yake. Wako waliosaini wakanyamaza na wako waliokataa wakahamishwa, nami nimewajua wa pande zote mbili, na hakuna niliyemwona kuwa mtu mbaya. Ila pima jambo hili ukijua kwamba wewe utaendelea kuishi Chake Chake baada ya Mkurugenzi huyu kupewa kituo kingine.

Shangazi yako akipiga simu, mpokee kama shangazi. Muulize hali, muulize mwani umekauka vipi juzi kulipokuwa na mvua. Akiuliza la kikao, msomee barua kama ulivyowasomea wenzake 23, neno kwa neno, kisha mwambie, “Shangazi, la ofisi ndilo hilo, na mimi sina jingine la kukupa.” Akiendelea kuuliza taarifa ilikwama wapi, hapo hutamjibu, na yeye atajua kwamba hujibu kwa sababu ya kazi yako. Kutomjibu si sawa na kumdanganya, na shangazi aliyekulea ataijua tofauti yake kwenye sauti yako. Baada ya hapo mkumbushe kwamba ni Jumanne, si Alkhamis, na kama kuna mwenziwe wa Makangale ambaye simu yake haipatikani, mwombe akutafutie nambari nyingine.